Anti, amejuaje ninapokaa?

Shikamoo Anti.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, naishi Kigoma. Nilikuwa Tabora na baba wa mtoto wangu. Kipigo kilipozidi nikaondoka, nikarudi kwetu, nikapanga vyumba viwili Katubuka. Naishi kwa kuuza mawese na dagaa. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza, nawapata Instagram na kwenye WhatsApp ya biashara.

Yule bwana nimemblok kila mahali. Lakini mwezi uliopita alinitumia meseji kwa namba ngeni: "Jumatano asubuhi hukosi Kibirizi. Mtoto nimeona kaanza shule, sare imempendeza. Na hapo Katubuka penye mwembe ndipo ulipoona panakufaa?" Hakutukana wala kutishia. Ila tangu siku hiyo nikisikia pikipiki imesimama nje usiku, moyo unanipasuka.

Anti, sijawahi kuposti nyumba yangu hata siku moja. Dagaa naposti nikiwa mwaloni ili wateja waone ni wa leo, na lokesheni naweka kwa sababu mtu akiona Kibirizi anaamini. Picha ya shule aliposti rafiki yangu Facebook akanitagi. Picha za madumu ya mawese wenye maduka wanazitaka safi, basi nawatumia kama faili zisififie. Simu ninayotumia alininunulia yeye tukiwa pamoja, na barua pepe alinifungulia yeye.

Dada anasema nifute akaunti zote leo hii. Lakini biashara ndiyo inayolipa kodi na ada, na humo ndimo zilimo picha za mwisho za marehemu mama, tulipompeleka Ujiji kwenye mnara wa Livingstone. Mama mkubwa naye anasema yule ni baba wa mtoto, nisionekane namficha damu yake. Nikifuta atajua amenitisha, nikiacha ataendelea kuniona. Nifanyeje?

Mama wa Kigoma

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mtaa, siku na mwalo vilivyochapwa hapo juu si vile ulivyoniandikia. Nimevibadilisha ili barua yenyewe isikuanike, na katika jibu hili nitaendelea kuvitaja hivyohivyo.

Kabla hujagusa kitu chochote kwenye akaunti zako, piga skrinshoti. Anza na ile meseji, namba na tarehe vionekane. Kisha piga posti zako za Kibirizi kama zilivyo sasa, jina la mahali likiwa juu ya picha, na ile posti ya rafiki yako ya shule. Zote mtumie dada azitunze kwenye simu yake, na meseji yenyewe usiifute. Nakuambia haya kwanza kwa sababu ukishaondoa lokesheni hutakuwa na njia ya kuonyesha alivyokufuatilia. Siku utakayokwenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, meseji inayotaja Jumatano ikiwa pamoja na posti zako za Jumatano ina uzito kuliko meseji peke yake. Hata kama hakutukana, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinagusa mtu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mwenzake. Kwenda au kutokwenda ni uamuzi wako, lakini ushahidi uwe nao.

Sasa tuichambue meseji yake, maana imebeba mambo matatu na kila moja lina mlango wake. Wewe umeyachukulia kama jambo moja, kwamba anakuona. Inawezekana kabisa anayaokota sehemu tofauti, na usipojua ni zipi utafuta picha za mama yako ukaacha wazi mlango aliopitia.

La Kibirizi ndilo rahisi. Ukiweka lokesheni kwenye posti ya Instagram, na akaunti iko wazi, posti inaingia pia kwenye ukurasa wa mahali pale. Mtu yeyote akigusa jina la Kibirizi anaweza kukutana nayo bila kukufuata, na uliyemblok anaingia kwa akaunti nyingine tu. Posti moja haina shida kubwa, maana mwaloni pale wanafika watu wengi kila asubuhi. Kilichokusaliti ni kurudia. Tarehe ziko chini ya kila picha, na mwenye muda wa kuzihesabu anaona Jumatano, Jumatano, Jumatano. Akishapata mahali na siku, hahitaji tena kujua unapolala. Atakusubiri mitumbwi inapopakua.

Kwa hiyo huna sababu ya kuhangaika na kila posti yenye lokesheni. Ile ya Ujiji na mama haisemi kitu kuhusu maisha yako ya leo. Mlikwenda mara ile, mkarudi. Anza na sehemu unazozirudia: mwalo, shule, kanisa au msikiti wako, saluni yako, stendi unakotumia mizigo. Kwenye Instagram fungua posti yako, gusa nukta tatu, chagua Edit, kisha gusa jina la mahali lililo chini ya jina lako na uchague Remove location, halafu hifadhi. Picha inabaki, maoni yanabaki, wateja hawaambiwi chochote, na yeye haambiwi chochote. Angalia na zile stori ulizozibakiza kwenye Highlights, kwa sababu watu wanadhani stori zimekwisha baada ya saa 24 kumbe zimekaa pale juu ya ukurasa na stika ya mahali. Stika ya kwenye stori huwezi kuiondoa kama ile ya posti. Itoe stori hiyo kwenye Highlights.

Facebook ina tabia tofauti kidogo. Kwenye ukurasa wako gusa nukta tatu, ingia Activity log, na utaweza kupitia posti zako kwa miaka. Lokesheni unaiondoa kwa Edit post. Lakini pale ulipoandika mtaa kwa maneno yako mwenyewe, mfano "njooni hapa Katubuka", usiyahariri maneno. Facebook hutunza historia ya maneno yaliyohaririwa, na anayeiona posti anaweza kuifungua historia hiyo akasoma ulichokuwa umeandika mwanzo. Posti ya namna hiyo ipeleke archive, ibaki kwako peke yako, au ifute kabisa.

Lokesheni ya Kibirizi ukiiondoa, wateja wataaminije? Nadhani kinachowafanya waamini ni dagaa wenyewe, mng'ao wao, na ziwa nyuma yake. Andika Kigoma, inatosha. Video ipige Jumatano kama inabidi, lakini iposti ukiwa umeshaondoka, na ikiwezekana siku nyingine. Hapo kuna gharama na sitaificha: utapoteza lile neno "wa leo" linalouza. Wewe ndiye unayejua wateja wako watavumilia kiasi gani. Kama huwezi kubadilisha siku ya kununua, basi usiende mwaloni peke yako.

Jambo la pili, shule, halimo mikononi mwako moja kwa moja. Posti ni ya rafiki yako. Ukichagua Remove tag, jina lako linatoka na posti haionekani tena kwenye ukurasa wako, lakini kwake bado ipo na jina la shule bado lipo. Kwa mtu anayemfahamu rafiki yako, na mliishi pamoja kwa hiyo huenda anamfahamu, kutoa jina lako peke yake hakusaidii. Mpigie simu rafiki, usimwandikie kwenye maoni, umwombe aifute. Na hata akitoa lokesheni, itazame picha yenyewe kwa macho ya mtu anayetafuta: nembo kwenye sweta, kibao cha shule nyuma ya watoto, rangi ya sare. Mjini Kigoma mtu akionyesha picha ya sare dukani ataambiwa ni shule gani. Picha ya namna hiyo haitoshi kuiondolea lokesheni.

Ili yasijirudie, kwenye mipangilio ya Facebook, sehemu ya Profile and tagging, washa ile ya kukagua posti ulizotagiwa kabla hazijatokea kwako. Instagram wanaiita Manually approve tags. Mwalimu wa darasa naye mwambie mapema, hasa kama darasa lina grupu la wazazi ambalo watu wanatumiana picha.

La tatu ndilo lililoniweka macho, kwa sababu hukuposti nyumba na bado ameitaja. Tazama alivyoitaja: Katubuka, penye mwembe. Alama ya mahali ingempa namba za ramani, isingemwambia habari za mwembe. Mwembe lazima kuna mtu au picha iliyouonyesha. Rudi kwenye picha zako za madumu ya mawese. Unazipigia wapi? Kama ni uani kwako, inawezekana mwembe uko nyuma ya dumu katika kila picha na wewe umeshauzoea huuoni. Kuanzia leo piga dumu likiwa mbele ya shuka au ukuta mtupu.

Katubuka nayo ina milango zaidi ya mmoja. Fungua WhatsApp yako ya biashara, ingia Business profile, uangalie sehemu ya anwani. Wengi walipofungua akaunti waliweka pini kwenye ramani ili bodaboda asipotee, wakasahau. Mtu yeyote mwenye namba yako ya biashara anaiona pini hiyo. Kama ipo, ifute, uandike Kigoma tu. Wateja wa hapa mjini wakutane nawe sehemu yenye watu, Mwanga Sokoni kwa mfano, au mzigo uwafuate wao.

Mlango mwingine ni zile picha ulizotuma kama faili. Simu ikiruhusiwa, kila picha inayopigwa huandikiwa ndani yake latitudo na longitudo za pale uliposimama, kwa kipimo kisichoonekana kwenye picha yenyewe. Namba mbili baada ya nukta zinaonyesha eneo la kama kilomita moja, lakini nne zinashuka hadi mita 11 hivi, na simu huandika zaidi ya nne. Uani kwako, chini ya anga wazi, hiyo ni nyumba yako na si mtaa tu. Ukiposti Facebook au Instagram, taarifa hizo huondolewa kwenye nakala wanayoiona watu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida huondolewa pia. Lakini ukituma kwa njia ya Document, picha inakwenda nzima na kila kilichomo, na mwenye duka akiisambaza kwa Document hivyohivyo inazidi kwenda nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa barua pepe na kwa kurushiana picha simu kwa simu.

Unaweza kuhakiki mwenyewe jioni hii. Fungua mojawapo ya picha hizo kwenye gallery ya simu yako, ivute juu au uguse Details. Ukiona ramani ndogo yenye nukta Katubuka, basi na wao wanayo. Ndipo uingie mipangilio ya kamera uzime, palipoandikwa Location tags, Save location au Geotag kutegemea simu yako. Kuzima kunasaidia picha zijazo tu, za zamani zinabaki na namba zake. Unayotaka kuituma, ipige skrinshoti uitume skrinshoti, au itume kama picha ya kawaida na uchague HD, itakuwa safi ya kutosha. Zilizokwisha kutumwa, Delete for everyone ina muda wake, siku mbili na kidogo, na aliyekwisha kuihifadhi haimtoki. Wenye maduka unaowaamini waombe wafute, uwatumie nyingine.

Mlango wa mwisho ndio ninaotaka uufikirie kwa utulivu zaidi. Simu alinunua yeye, barua pepe alifungua yeye. Kama bado anaijua nywila, hana haja ya posti zako. Akaunti ya Google inaweza kumwonyesha simu iko wapi, na kama picha zako zinahifadhiwa Google Photos, anaziona zote pamoja na zile ambazo hujawahi kumtumia mtu. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Security, utazame Your devices: je, kuna kifaa usichokifahamu? Kwenye Google Maps gusa picha yako, fungua Location sharing, uone kama jina lake lipo. Hii ya pili inaweza kuwashwa mara moja ikaendelea hadi mtu aizime. Live location ya WhatsApp haiwezi kuwa ndiyo, maana hujizima yenyewe, na muda wake mrefu kabisa ni saa nane tangu iwashwe.

Ukimkuta humo, pumua kwanza. Ukimtoa atajua dakika ileile kwamba umegundua, na kwa mtu aliyewahi kukupiga, wakati anapohisi ameshindwa kukudhibiti unaweza kuwa ndio wa hatari zaidi. Piga skrinshoti, mwite dada, mpange utalala wapi usiku huo, ndipo ubadilishe nywila. Wengine katika hali yako huona bora kufungua barua pepe mpya kwenye simu nyingine, ile ya zamani ikabaki imezimwa ndani ya droo. Ni ghali zaidi, lakini hakuna mlango wa nyuma. Na usiyafanye haya ukitumia simu unayoitilia shaka. Tumia ya dada.

Kuna uwezekano pia kwamba hakuna simu iliyohusika. Treni ya Tabora inafika Kigoma, na watu wanaongea. Kama milango yote utaikuta imefungwa, basi kuna mtu aliyemwambia, na hapo hakuna cha kufuta.

Dada yako anaongea kwa uchungu na sina neno naye. Lakini kufuta akaunti zote leo kunakata riziki yako, na kile alichokwisha kukijua hakitafutika kichwani mwake. Kinachobadilika ni cha kesho: siku mpya, shule mpya ukihamisha, nyumba mpya ukihama. Kama unafikiria kuhama, na mwanamke mwenye hofu kama yako ana sababu ya kufikiria hilo, basi safisha kwanza ndipo uhame. Ukihama kabla, pini na kamera vitahama nawe. Picha za mama zipeleke archive, Instagram na Facebook zote wanayo. Zinabaki kwako na maneno ya rambirambi yote, hakuna mwingine anayeziona. Nakala nyingine dada aiweke kwake.

Akaunti ya biashara ya Instagram haiwezi kufungwa ikawa ya siri. Hivyo kama unataka sehemu ya kuweka mtoto na familia, tenganisha: ya biashara iwe na dagaa na madumu tu, ya familia iwe akaunti binafsi iliyofungwa, yenye watu unaowajua kwa sura.

Kuhusu neno la mama mkubwa, sikia mdogo wangu. Mtoto kumwona baba yake ni jambo moja, baba kujua mama anasimama wapi Jumatano alfajiri ni jambo jingine. Unaweza kulikubali la kwanza ukakataa la pili bila kumkosea mtu heshima. Kama anataka kumwona mtoto, njia ipo: wazee wa pande zote mbili, au ofisi ya ustawi wa jamii, au mahakama chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahali na saa zikipangwa, wewe ukiwa na mtu wako. Muulize mama mkubwa kama yuko tayari yeye mwenyewe kulisimamia hilo. Huenda akawa msaada mkubwa kuliko ulivyotarajia, naye akajua sababu ya wewe kuondoka kama bado hujamwambia yote.

Unaogopa kwamba ukiondoa atajua amekutisha. Lokesheni zikiondoka moja moja, posti zikabaki, dagaa wakaendelea kuuzwa, si rahisi agundue siku hiyo, na pengine hatagundua kabisa. Lakini hata akigundua, je, unahitaji asijue? Hilo sikujibii. Wewe unamfahamu anapokasirika, mimi simfahamu, na jibu lako ndilo litakaloamua uende polepole au umalize kwa usiku mmoja.

Ukishatazama Business profile, picha za uani na Your devices, niandikie ulichokikuta wapi, kwa barua pepe mpya. Nitakujibu wewe mwenyewe, sitaichapa.